Nazi Tano, Lita Moja

Watu wengi hawajui ni nazi ngapi hutoa lita moja ya tui zito, na wengi wao wameoa, wamezaa na wamezeeka bila kudhurika. Bi Tano hakuwa mmoja wao. Yeye alijua. Alijua kabla hajaolewa, akajua alipoolewa, akaendelea kujua alipofiwa na mumewe, na hata jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kupotea kwa ajili ya jambo hilo. Ungemuuliza amekupa mgongo, anakaanga vitunguu, naye angekujibu bila kugeuka.

"Tano."

Ndipo watu wakamwita Bi Tano. Waliomwita hivyo kwanza walikuwa wanamtania, lakini yeye alilipokea jina hilo kama mtu anavyopokea cheo, na utani ambao mwenyewe haukasirikii hufa haraka, likabaki jina.

Hiyo tano ilikuwa na masharti yake, naye aliyataja yote kwa yeyote mwenye subira. Nazi ziwe zimekomaa, kavu, za ukubwa wa kawaida, na ukiitikisa moja sikioni usikie maji yakicheza ndani. Isiyosema kitu huenda imeoza. Ukishaivunja, maji yake yamwage au uyanywe, hayo si tui. Ukune mpaka weupe uishe, lakini usifike kwenye ngozi ya kahawia inayoshika kifuu, kwa sababu inachafua rangi. Kwa nazi tano tia vikombe viwili vya maji ya uvuguvugu, si ya moto wa kuunguza wala ya baridi. Ufikiche, uache kidogo, kisha utie kwenye kitambaa safi na kukamua fungu kwa fungu mpaka machicha yawe makavu na kumwagika kama unga wa mbao. Hapo una lita moja ya tui zito. Machicha hayo uyatie maji mengi ukamue tena, upate tui jepesi la kupikia nyama mpaka iive. Lile zito linaingia mwishoni, moto mdogo, unakoroga taratibu, maana likichemka kwa fujo linakatika na mafuta yanaelea juu kama mchuzi umepikwa na mtu aliyekasirika.

Masharti aliyoyataja yalikuwa hayo. Lilikuwepo moja ambalo hakuwahi kulitaja, kwa sababu hakujua kwamba lipo.

Bi Tano alipika katika hoteli ya mtoto wa marehemu mdogo wake, kijana mnene mwenye haraka ambaye wafanyakazi walimwita Bosi, na ambaye mbele ya Bi Tano alikuwa mtoto tu. Yeye alimwita Mama Mkubwa. Hoteli ilikuwa na meza nane, feni mbili, moja ikifanya kazi, na ilitazamana na karakana ya magari. Mchana mafundi walivuka barabara na mikono yenye grisi, wakafuatwa na makarani na wauguzi, na wote walikuja kwa kitu kimoja: mchuzi wa nazi. Siku ya kuku ulikuwa wa kuku, siku ya samaki ulikuwa wa samaki, na siku ya maharage fundi aliyelalamika aliona aibu akishauonja.

Jikoni walikuwa wawili. Mama Pacha, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, aliosha vyombo, akavunja nazi na kuzikuna kwa mashine iliyofungwa uani. Alikuwa na watoto pacha nyumbani na hakuwa na maneno mengi. Nazi zikishakunwa alizileta kwenye beseni, na hapo Bi Tano akashika kazi. Kukamua hakumwachia mtu. Mtu angeweza kumsaidia kumenya, kukatakata, hata kukoroga, lakini akiligusa beseni aliambiwa atoe mkono. Tui likishakamuliwa lilimiminwa kwenye jagi la plastiki lenye mistari ya vipimo pembeni. Mistari mingine ilikuwa imefutika kwa kusuguliwa, ule wa lita moja ukabaki, kwa sababu Bi Tano aliupitishia rangi ya kucha mara kwa mara. Rangi hiyo hakuwahi kuipaka mahali pengine.

Nazi zenyewe zililetwa na Mzee Tikisa. Huyu alikuwa muuza nazi wa sokoni, mdogo wa marehemu mume wa Bi Tano, na jina alilipata kwa kutikisa kila nazi sikioni kabla ya kuiuza, hata ile aliyoitikisa asubuhi ya siku hiyohiyo. Katika ukoo wa mumewe ndiye pekee aliyebaki ambaye Bi Tano angeweza kumwita wake. Wengine walikuwa wamekufa, au wamehama, au wapo lakini wanapenda kugombania viwanja. Mzee Tikisa hakuwa na kiwanja wala ugomvi. Kila asubuhi aliingia kwa mlango wa uani na gunia begani, akalitua, akasema, "Shemeji, umeamkaje?" na Bi Tano akajibu, "Salama, Shemeji, wewe je?" Ulikuwa ni undugu usio na maneno mengi, na ulikuwa umedumu kuliko mingi yenye maneno.

Basi siku moja tui halikufika kwenye mstari.

Bi Tano aliliinua jagi akalipeleka dirishani, kwa sababu huenda mwanga wa jikoni ulikuwa unadanganya. Mwanga wa dirishani ukasema vilevile. Akaongeza nazi ya sita na hakumwambia mtu. Kesho yake sita. Baada ya muda hata sita ikawa haitoshi, akatia saba, naye akajisikia kama mtu anayekula kiapo cha uongo.

Wakati huo vitu vingine navyo vilikuwa vimeharibika. Vifuniko vya chupa vya siku hizi vilikuwa vinafungwa kiwandani na watu wasio na huruma. Bomba la nyumbani kwake lilikuwa gumu, akamlaumu fundi bomba. Kitasa cha mlango kilikuwa kizito, akakitia mafuta, kikawa kizito chenye mafuta. Vifungo vya gauni lake vilikuwa vinashonewa matundu madogo ili kuokoa nyuzi. Asubuhi vidole vyake vilikuwa vimevimba na vikavu kama tangawizi, lakini hilo lilikuwa la baridi, na baridi ingepita. Dunia nzima ilikuwa inakaza, na Bi Tano aliiona hivyo bila kujiuliza kwa nini ianze kukaza kwake. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na walisema hivyo bila kumwogopa mtu yeyote mwenye rangi ya kucha kwenye jagi.

"Shemeji," alimwambia Mzee Tikisa asubuhi moja, kabla hajalitua gunia. "Nazi zako zimekuwa ndogo."

Mzee Tikisa alilitua gunia, akatoa nazi moja, akaitikisa sikioni. Hakuitazama. Alimtazama Bi Tano, aliyekuwa anajaribu kufungua kopo la manjano kwa kulibana kwenye ubavu.

"Zimekuwa ndogo?"

"Lita haifiki. Mimi si mtoto, Shemeji."

"Sawa," alisema. "Nitaangalia."

Akalichukua kopo mkononi mwake, akalifungua, akalirudisha, akaondoka. Siku iliyofuata alileta gunia jingine. Bi Tano akakamua, lita haikufika, akamwambia tena. Akajibiwa, "Nitaangalia tena." Hapo likazuka la pili, baya zaidi. Mama Pacha alipozihesabu nazi za gunia alikuta zimepungua idadi. Gunia lilikuwa lilelile, bei ileile, mzigo uleule wa kumkunja mzee wa watu mgongo, lakini ndani nazi zilikuwa chache.

"Unaona?" Bi Tano alimwambia Mama Pacha. "Ndogo, halafu chache. Mtu akianza kuiba hajui pa kuishia."

Mama Pacha aligeuza macho kwenye beseni. Beseni la nazi iliyokunwa siku hizo lilikuwa linajaa mpaka ukingoni, na Bi Tano aliliona, lakini alisema ni ile mashine, inakuna ovyo na kuijaza nazi hewa. Alikuwa na jibu kwa kila kitu. Mtu mwenye jibu kwa kila kitu ni vigumu kumsaidia.

Lawama zikaanza kutoka upande wa pili. Fundi mmoja aliuliza kama mchuzi umenyeshewa mvua. Muuguzi mmoja, ambaye alikuwa na heshima, aliacha nusu bakuli. Bosi akaingia jikoni akiwa na taulo begani, ishara kwamba ametumwa na nafsi yake na angependa kurudi haraka.

"Mama Mkubwa, wateja wanasema mchuzi mwepesi."

"Mchuzi hauna kosa. Kosa ni la nazi."

"Nazi nazo zinaisha kabla ya wakati. Zamani gunia lilitufikisha mbali."

"Zinaisha kwa sababu ni ndogo. Na ni chache. Shemeji yangu ametugeuka." Alilisema akiitazama sufuria, kwa sababu hakuwa amewahi kulisema kwa sauti namna hiyo. "Anatuibia, mwanangu. Siwezi kukuficha."

Bosi alikuwa mtu wa biashara, lakini hakuwa mtu mbaya. Alikuna kichwa.

"Mzee Tikisa? Huyu aliyeleta nazi za bure siku tunafungua?"

"Mtu hubadilika."

"Basi tupime mbele yake. Nazi tano, hapahapa. Zikitoa lita, maneno yaishe. Zisipotoa, tutatafuta muuza nazi mwingine, na mimi ndiye nitakayemwambia. Sitaki ukabebe hilo wewe, ni shemeji yako."

Bi Tano alikubali. Usiku huo hakulala vizuri. Alitaka lita ifike, ili shemeji yake awe mtu mwema, na alitaka isifike, ili yeye awe mtu mwenye akili. Vitu hivyo viwili haviingii kwenye jagi moja, naye alijua hivyo, na mpaka kulipokucha hakuwa ameamua anaombea kipi.

Asubuhi walisimama jikoni wanne. Mzee Tikisa alitua gunia lake, akaelezwa na Bosi kwa maneno ya kuzunguka, yenye "unajua" nyingi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," alisema. "Shemeji achague mwenyewe."

Bi Tano alichukua nazi tano za juu, moja moja, kwa mikono miwili, macho yake yakiwa usoni mwa Mzee Tikisa kama hakimu asiyetaka mshtakiwa akimbie. Nazi zenyewe hakuzitazama. Mama Pacha akazivunja, akazikuna, akalileta beseni. Bi Tano akapima vikombe viwili vya maji ya uvuguvugu, akavionyesha kwa kila mtu kabla ya kumimina, akafikicha, akaacha, akatandaza kitambaa juu ya jagi.

Alikamua kwa nguvu zake zote. Hilo hakuna aliyelitilia shaka. Jasho lilimshuka mpaka kidevuni. Fungu kwa fungu, akisokota kitambaa, akikigeuza, akikibana. Alipomaliza alirudisha machicha besenini, akapangusa jagi kwa nje, akaliweka mezani mbele yao.

Tui lilikuwa chini ya mstari. Robo tatu ya lita, haikuzidi.

"Mnaona kwa macho yenu," alisema. Hakuona raha aliyoitegemea.

Bosi alimgeukia Mzee Tikisa, akaigusa taulo, akaiacha.

"Mzee, basi tena. Unisamehe. Itabidi tutafute mwingine."

Mzee Tikisa alilitazama jagi. Kisha alitazama beseni, akalitazama kwa muda, na kila mtu alidhani atasema neno. Angeweza kulisema; lilikuwa mbele yake, limejaa mpaka ukingoni.

"Sawa," alisema. Alimwaga nazi zilizobaki kwenye kona yao ya kawaida, akakung'uta gunia tupu, akalikunja. "Hizi mtazitumia, msizitupe. Shemeji, baki salama."

"Nenda salama," alisema Bi Tano, kwa mazoea.

Mlango wa uani ulipofungwa, Bosi akapumua. Mama Pacha, ambaye kazi zilikuwa zinamngoja na hakulipwa kwa kusimama, alilisogelea beseni ambalo siku nyingine asingeruhusiwa kuligusa, ili atie maji ya tui la pili. Akashika konzi ya machicha. Akasita. Machicha ya Bi Tano yalisifika kwa kumwagika mkononi kama unga wa mbao, na haya yalikuwa yamelowa kama nguo isiyokamuliwa. Mtu anayefua nguo za pacha akikuta kitu kimelowa mkononi mwake hakiachi. Akakitia kwenye kitambaa, akakinyonga mara moja.

Likatoka tui jeupe, zito, linashuka polepole ndani ya jagi. Akatia konzi nyingine, akanyonga. Nyingine. Alikuwa anafanya anachofanya kila siku kwenye karai la nguo, akili yake iko kwa watoto, mpaka aliposhituka kwamba wenzake wote wanalitazama jagi.

Tui lilikuwa limefika kwenye mstari wa rangi ya kucha, limeupita, na lilikuwa linaendelea kupanda.

"Samahani, Mama," alisema Mama Pacha, akaachia kitambaa.

"Umetia maji?" aliuliza Bi Tano.

"Sijatia."

Bi Tano alichovya kidole, akaonja. Lilikuwa tui zito la kwanza, halina udanganyifu. Bosi akasema haraka kwamba labda kitambaa kile cha mwanzo, labda, unajua, kitambaa.

"Nyamaza, mwanangu. Kitambaa ni hicho hicho."

Aliitazama mikono yake. Akajaribu kufunga ngumi. Vidole vilikuja, vikafika nusu ya njia, vikasimama hapo, vikikataa. Alijaribu tena, akijua kwamba watu wawili wanamtazama. Aibu ilimpanda, na nyuma ya aibu hofu, maana mtu aliyeishi kwa mikono yake akiambiwa mikono imeondoka hajui yeye mwenyewe amebaki wapi. Si vifuniko vilivyokuwa vimekaza. Si bomba. Si kitasa, masikini, kilichotiwa mafuta ya bure.

"Malizia kukamua," alimwambia Mama Pacha.

Mama Pacha akamalizia. Machicha yakawa makavu, yakamwagika. Bi Tano aliinamia jagi, na hapo kichwa chake, ambacho hakikuwa na ugonjwa wowote, kikaanza kufanya kazi.

"Lita na robo," alisema.

"Mama Mkubwa, kaa chini kidogo."

"Nazi tano, vikombe viwili vya maji, lita na robo. Nazi tano za kawaida hazitoi lita na robo. Hazijawahi. Mama Pacha, niletee vifuu."

Vifuu vililetwa kutoka uani. Bi Tano alichukua kimoja, akakiweka mezani. Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu, akachukua kifuu cheusi cha kuchotea chumvi, cha nazi ya kawaida ya Mzee Tikisa, kilichokuwa pale tangu hoteli ifunguliwe. Akamwaga chumvi yake pembeni. Akakitumbukiza ndani ya kile kipya.

Kiliingia chote, kikazama, kikacheza humo ndani kama kijiko kwenye kikombe.

Alijaribu kwenye kifuu cha pili, na cha tatu. Vyote vilikuwa hivyo. Akaiendea ile kona, akazitazama nazi zilizomwagwa pale, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kwa macho yake badala ya jagi. Kila moja ilikuwa kama kichwa cha mtu mzima. Hapo akaelewa na gunia pia. Nazi kubwa haziingii nyingi kwenye gunia. Yeye aliambiwa ni chache, akamwita mtu mwizi kwa kumletea kubwa.

"Nipishe," alimwambia Bosi, akafungua aproni. Fundo lilimshinda. Mama Pacha akamfungulia kwa nyuma bila kuambiwa, na mara hii Bi Tano hakusema chochote kuhusu kamba za siku hizi.

"Mchuzi je?" aliuliza Bosi.

"Mama Pacha anakamua. Mengine anayajua, amenitazama vya kutosha. Tui zito liingie mwisho, na ukiona linataka kuchemka kwa fujo, toa kuni, usipulize."

"Na wewe unarudi?"

Ilikuwa sauti ya mtoto, ile aliyokuwa nayo zamani akiachwa kwa mama yake mkubwa. Bi Tano alimgusa shavu kwa mgongo wa mkono.

"Nitakwenda wapi? Sijui kufanya kingine."

Sokoni Mzee Tikisa alikuwa ameketi mahali pake, kati ya muuza vitunguu na mtengeneza majiko, na rundo la nazi mbele yake. Alimwona akija. Hakuinuka wala hakugeuka. Alichukua nazi, akaitikisa, akairudisha.

"Shemeji, karibu."

"Tangu lini?" aliuliza Bi Tano, akiwa bado amesimama.

"Tangu lini nini?"

"Usinichezee, Shemeji. Vifuu nimeviona."

Mzee Tikisa alisogeza gunia lililokunjwa ili akalie. Alikaa.

"Siku ya msiba wa yule jirani," alisema. "Ulipewa kikombe cha chai, ukakipokea kwa mikono miwili. Wewe hujawahi kupokea kikombe kwa mikono miwili. Kisha ukaniambia nazi zimekuwa ndogo. Basi nikaanza kuchagua kubwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungenijibu nini?"

Bi Tano alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, hata dhidi yake mwenyewe, akipewa nafasi.

"Ningekwambia vikombe vya siku hizi ni vizito."

"Basi."

Muuza vitunguu alijifanya anapanga vitunguu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Leo asubuhi ungeweza kusema," alisema Bi Tano. "Beseni lilikuwa pale. Ungesema tu, mkamue tena."

"Marehemu kaka alikuwa anausifu mkono wako mpaka watu wanahama kibarazani. Sikutaka niwe mimi wa kuutangaza mbele ya watoto."

"Nimekuita mwizi."

"Nimesikia."

"Na la gunia nalo nimekuita mwizi."

"Hilo sikulisikia."

"Nililisema."

"Basi mara mbili," alisema Mzee Tikisa.

Machozi yalimtoka Bi Tano, mengi, bila sauti. Aliyafuta kwa mgongo wa mkono, akamwomba radhi, kwa maneno kamili, yote, hakufupisha hata moja, na alisema kwa sauti ili muuza vitunguu asipate taabu ya kutega sikio. Mzee Tikisa alisema yamekwisha. Baada ya hapo akatikisa nazi mbili tatu.

"Kesho usilete kubwa," alisema Bi Tano. "Leta za kawaida."

"Nani anakamua?"

"Mama Pacha. Ana mkono mzuri kuliko wangu ulivyokuwa. Hilo usimwambie."

"Sitamwambia."

"Na kesho kutwa nitakwenda hospitali nikaonyeshe hivi vidole."

"Nitakusindikiza."

"Sijasema unisindikize."

"Hujasema," alikubali Mzee Tikisa.

Mwanamke kijana alisimama mbele ya rundo, kikapu mkononi, uso wa mtu anayepikia wakwe kwa mara ya kwanza. Alishika nazi moja, akaishika nyingine, akaonekana hajui anatafuta nini ndani yake.

"Shikamoo, Babu. Nataka nipate lita moja ya tui zito, la mchuzi. Nichukue nazi ngapi?"

Mzee Tikisa alionyesha kwa kidevu. "Mwenye swali hilo ni huyu."

Msichana akamgeukia Bi Tano na kumwamkia. Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwake, kama lilivyokuwa tayari kwa umri wote huo, na watu wawili pale walilingoja bila hata kutega sikio. Bi Tano akaufunga mdomo. Akanyoosha mkono wake uliovimba, akauweka mbele ya yule msichana.

"Weka kikapu chini. Nishike hapa. Sasa finya."

"Nikufinye, Bibi?"

"Finya, kama unakamua."

Msichana akafinya. Maumivu yalipanda mpaka kiwikoni, na Bi Tano hakuutoa mkono.

"Tano," alisema. "Mpe za kawaida, Shemeji."